Mashine ya pinki na ya bluu: maswali yenu ya kunyoa

Dada, zile mashine za pinki zina wembe tofauti, au ni rangi tu?

Chuma ni kilekile. Kinachobadilika ni umbo: kichwa cha ya kike huwa cha mviringo na utepe mpana wa kulainisha, kwa ajili ya goti na kwapa, na mpini wake ni mnene usiponyoke mkononi ukiwa na sabuni. Ila hayo utayakuta zaidi kwenye zile ghali za kubadilisha kichwa. Zile za kutupa, ziweke mbili pamoja uzikague. Mara nyingi rangi ndiyo tofauti pekee. Nyoa miguu kwa ya bluu, hutapungukiwa na kitu.

Mbona basi bei zinapishana?

Kwa sababu tunalipa. Mwaka 2015 jiji la New York lililinganisha bei za bidhaa za kike na za kiume madukani, na nyembe za wanawake zikawa juu kwa wastani wa asilimia 11. Ukiwa dukani, gawa bei kwa idadi. Tuseme pakiti ya pinki ina mashine 4 kwa shilingi 3,200, na ya bluu ina 5 kwa 3,000. Hapo pinki moja ni 800, bluu ni 600. Kisha hesabu nyembe zilizomo kichwani, usije ukalinganisha ya wembe mmoja na ya nyembe tatu.

Nikinyoa kwapa natoka vipele. Ninunue ya nyembe tano?

Hiyo inaweza kukuzidishia. Kwenye nyembe nyingi, wa kwanza huvuta unywele na anayefuata huukata chini ya ngozi. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo ncha ikianza kuota hupinda na kuchoma ngozi kwa ndani. Chukua ya wembe mmoja au miwili, fuata nywele zinakoelekea, wala usikandamize.

Wembe wangu unaisha makali upesi sana. Nifanyeje?

Lainisha nywele kwanza. Watafiti wa chuo cha MIT walionyesha mwaka 2020 kwamba unywele, ingawa ni laini mara 50 kuliko chuma, unaweza kumegua ukingo wa wembe vipande vidogo mno. Basi nyoa mwisho wa kuoga, nywele zikiwa zimelowa, kwa povu la sabuni. Suuza kila baada ya kupitisha mara mbili tatu, ukimaliza kung'uta maji na uiweke pakavu, si bafuni. Ikianza kuvuta nywele badala ya kukata, itupe. Kwa anayenyoa mara kwa mara, mashine ya chuma inayotiwa wembe wa makali mawili ndiyo nafuu hasa: unabadilisha kiwembe tu, mpini unabaki miaka.

Mimi na mume wangu tunatumia moja. Kuna ubaya?

Upo. Damu kidogo tu inatosha kuambukiza homa ya ini aina ya B. Nunueni pakiti moja ya bluu, na zako uzipake rangi ya kucha kwenye mpini.