Hela ya Bati Si Hela ya Kodi: Barua kwa Mama Mhazini wa Tukuyu

Mama Mhazini, Bwana asifiwe.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema wazee wa kanisa wameona salio la benki, milioni nne na ushei, wakauliza kwa nini kodi ya nyumba ya mchungaji haijalipwa. Wewe ukajibu hela hamna, wakakutazama kana kwamba umezificha. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wahazini wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini wamebanwa na swali hilo hilo.

Uko sahihi, mama. Kinachokukosesha nguvu ni daftari lako, maana lina safu moja tu ya mapato. Salio la benki linaonyesha hela iko wapi, lakini halionyeshi ni ya kazi gani. Weka safu mbili: mfuko mkuu, ambamo fungu la kumi na sadaka za kawaida huingia, na mfuko wa ujenzi. Akaunti ya benki inaweza kubaki moja. Kila stakabadhi iandikwe mfuko wake siku hiyo hiyo, na anayetuma kwa simu aulizwe kabla ujumbe wake haujasahaulika.

Nimepanga upya hesabu za mwezi ulizonitumia. Mwezi ulianza na 2,300,000 benki: 300,000 za mfuko mkuu na 2,000,000 za ujenzi. Fungu la kumi na sadaka zikaingia 1,900,000. Michango ya ujenzi ikawa 4,200,000, na ndani yake kuna 3,000,000 za yule ndugu aliyeandika wazi kuwa ni za bati. Mfuko mkuu ulitumia 1,750,000, ukabaki na 450,000. Ujenzi ulitumia 2,600,000 kwa saruji na fundi, ukabaki na 3,600,000. Jumla ni 4,050,000, sawasawa na benki. Kwa hiyo wazee wanachoweza kukipangia matumizi ya kawaida ni 450,000 tu.

Kodi ni 1,200,000, pamepungua 750,000. Wakisema "tuazime ujenzi", angalia ndani ya huo mfuko. Ukitoa hela ya bati, zilizobaki ni 600,000. Basi 150,000 zitachotwa kwenye bati, hata kama hakuna aliyekusudia. Na msiandike 750,000 hizo kama matumizi ya ujenzi, wala msizihamishe kimya kimya. Ni deni. Mfuko wa ujenzi utakuwa na taslimu 2,850,000 na unadai 750,000. Mfuko mkuu utakuwa na sifuri na unadaiwa 750,000. Deni hilo lisomwe kwenye kila taarifa mpaka liishe.

Hapa ndipo mimi niliumizwa. Nilikuwa mkaguzi wa hesabu katika usharika mmoja hapa Mbeya. Nilionyesha kwamba hela ya paa ilikuwa inalipa mafuta ya gari na semina, nikaambiwa nina roho ya dunia, sina imani. Kuta zikalala bila paa masika nzima, tofali za juu zikaanza kumomonyoka, na mfadhili aliyekuja kuona hakurudi tena. Hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo. Ndiyo maana nasema kwa ukali: kamati haina mamlaka ya kufuta sharti la mtoaji. Mwenye mamlaka hayo ni mtoaji mwenyewe. Mpigieni yule ndugu, mwombeni ruhusa, akikubali aandike, na karatasi yake ikae kwenye faili pamoja na muhtasari wa kikao.

Usichanganye hilo na hela ambayo wazee wenyewe wameitenga. Wakiamua laki mbili za fungu la kumi ziende ujenzi, hiyo ni hela ya mfuko mkuu waliyoipangia kazi, na kikao kijacho kinaweza kuirudisha. Iandike kama "iliyotengwa" ndani ya mfuko mkuu. Ukiichanganya na michango ya watu, siku ikirudishwa itaonekana mmekula hela ya ujenzi.

Tena, kama kanisa lenu lina utaratibu wa kupeleka sehemu ya fungu la kumi ngazi ya juu, sehemu hiyo iandike kama deni siku inapoingia. Waadventista, kwa mfano, fungu la kumi lao lote huenda konferensi, usharika haulitumii. Ukiwa na sehemu ya namna hiyo ndani ya zile 450,000, basi hata hizo si zote zenu. Angalia hilo kwanza kabla ya kikao.

Ahadi za harambee usiziandike kama mapato mpaka hela iingie. Ziwe na orodha yake pembeni. Bati zikiletwa zenyewe, ziandike kwa bei ya dukani siku hiyo: mapato ya mfuko wa ujenzi, na thamani hiyo hiyo kwenye jengo.

Jumapili usisome tena salio la benki peke yake. Soma la mfuko mkuu, la ujenzi, kisha deni kati yao. Nitumie taarifa kabla hujaipeleka kwa wazee, nitaipitia.