Kubadilisha sakafu tu kwenye picha ya renda, bila kugusa sofa

Mteja wa Mikocheni ameshaikubali sebule yote, hata ile meza ya kioo, ila sasa anataka mbao za mninga badala ya marumaru nyeupe. (Wateja wa Dar wanapenda marumaru zinazong'aa mpaka waone zinavyong'aa.) Kama huna muda wa kurenda upya, Inpaint ya Stable Diffusion, akili bandia inayochora upya sehemu ya picha uliyoichagua tu, inatosha. Ushauri wangu: usiiachie ibuni sakafu. Ipelekee sakafu iliyokwisha kulala mahali pake, yenyewe ilainishe tu.

Marumaru za zamani ndizo zinazokupa vipimo. Zikiwa za sentimita 60 kwa 60, tano kwa tano ni mraba wa mita 3. Chukua picha ya mbao yenye ukubwa huohuo, kisha kwenye Photoshop vuta pembe zake nne kwa Distort mpaka zikae juu ya pembe za mraba ule. Ubao wa sentimita 15 unaingia mara nne kwenye kila marumaru; ukihesabu mbao tano, kuna mahali umevuta vibaya. Endelea hivyo mpaka sakafu ijae.

Sasa chora maski ya kuionyesha Inpaint sehemu ya sakafu. Kama wakati wa kurenda ulihifadhi pasi ya rangi za matirio, ile picha ya ziada ambayo kila matirio ina rangi yake, tumia hiyo, maana kuzunguka miguu ya viti kwa mkono ni mateso. Usisahau sakafu inayoonekana kupitia meza ya kioo na ile iliyo ndani ya kioo cha ukutani. Nimeona picha nzuri ya mninga ambayo kioo chake bado kilionyesha marumaru.

Kwenye Inpaint, weka Denoising strength, yaani kiasi inachoruhusiwa kubadilisha picha, karibu 0.35 hadi 0.45. Ukipandisha hadi 0.75 mbao zinaanza kujitungia njia: zinaingia chini ya sofa zikielekea upande mmoja, zinatokea nyuma zikielekea kwingine. Pima kwa rula: mistari ya mbao, kushoto na kulia kwa sofa, ukiirefusha lazima ikutane kwenye nukta moja.

Matokeo usiyatumie yalivyo. Baadhi ya programu hukurudishia picha nzima ikiwa imepitia mgandamizo wa modeli, kwa hiyo hata nje ya maski nyuzi za mapazia zinaweza kubadilika kidogo. Bandika sakafu mpya tu juu ya picha ya awali kwa maski ileile.

Vivuli na mwakisi vinarudishwa mwisho. Nakili sakafu ya zamani, iondoe rangi, itie ukungu mpaka mistari ya marumaru ipotee, uiweke juu kwa Multiply. Vivuli vikali vya miguu ya viti vitapotea pamoja na mistari, hivyo vipake kwa mkono. Mwanga wa dirisha chukua kwenye pasi ya Reflection, uweke kwa Screen, hafifu na wenye ukungu, kwa sababu vanishi ya satini haiakisi kama marumaru.

Kitu kimoja hakirekebishiki hivi: sakafu nyeupe ilikuwa inarusha mwanga darini na chini ya sofa. Kwa mninga, punguza kidogo mwanga wa dari. Mteja akichagua mbao nyeusi kabisa, mwambie unarenda upya, na ulipwe.