Picha ya maelekezo ya ukaaji: jinsi ya kuigeuza hatua za Kiarabu

Swali: Nina duka la kuchapisha karatasi hapa Eastleigh. Mteja wangu mama Msudani amenitumia picha ya maelekezo ya kuomba kibali cha mtegemezi, yako kwa Kiingereza. Nataka nimwandikie hatua kwa Kiarabu, lakini nikituma kwa WhatsApp tarehe zinageuka. Na naogopa kuruka karatasi fulani. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, usianze kuandika. Kwanza kuza picha uangalie pembe zake nne. Yale maandishi madogo ya chini na ya nyuma ya karatasi ndiyo hukatwa, na humo ndimo mna masharti. Sehemu iliyong'aa kwa taa, mwambie aipige upya. Angalia pia ni ya lini, kwa sababu picha hizi huzunguka kwa miaka na ada za uhamiaji zilibadilika mwaka 2024. Ada iliyo kwenye karatasi ya kabla ya hapo usiiamini. Itafute kwenye eCitizen.

Kisha toa vitu viwili tu: karatasi zinazotakiwa na muda wa mwisho. Kila karatasi iwe na mstari wake, na useme kama ni ya asili au nakala, na idadi yake. Pale Kiingereza kinaposema "or", yaani moja kati ya mbili, ziweke kwenye mstari mmoja. Ukizitenganisha, mama wa watu atahangaika kutafuta zote mbili.

Sharti ambalo kwa wateja wa Kiarabu ndilo hukwamisha ombi ni lile la tafsiri: hati iliyo kwa lugha ya kigeni lazima iambatane na tafsiri ya Kiingereza kutoka ubalozini, kwa mthibitishaji wa umma au taasisi inayotambulika. Mara nyingi liko mwishoni mwa orodha. Cheti cha ndoa cha Khartoum kiko kwa Kiarabu, na tafsiri inaweza kuchukua muda mrefu. Kwa hiyo kwenye hatua zako liwe la kwanza, hata kama kwenye picha ni la mwisho. Mpangilio wa karatasi ni wa ofisi. Wako ufuate kazi ya mteja.

Muda nao una mwanzo wake, na huo lazima uuandike. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujisajili ndani ya siku 90 tangu alipoingia nchini. Basi mwulize muhuri wa kuingia kwenye pasipoti unasema nini. Tuseme ni 12 Januari 2026. Siku ya 90 ni 12 Aprili, ambayo ni Jumapili, na Nyayo House huwa imefungwa. Mwandikie Ijumaa, 10 Aprili. Usimwandikie "siku 90" tupu akahesabie mwenyewe, wala usigeuze kuwa "miezi mitatu", maana hizo si sawa kila mara.

Sasa kugeuka kwa tarehe. Nambari zikifuata herufi za Kiarabu, simu huzipanga kwa kanuni za maandishi ya kulia kwenda kushoto. Tarehe yenye mkwaju, 10/04/2026, hubaki salama. Yenye kistari, 10-04-2026, huonekana 2026-04-10, yaani vipande vimebadilishana nafasi. Dawa ni kuandika jina la mwezi. Namba ya faili yenye vistari iweke peke yake kwenye mstari mpya, pasipo neno la Kiarabu kabla yake, itatulia. Na kila hatua ianze na kitenzi cha Kiarabu; ukianza na eCitizen, mstari wote unaweza kukimbilia kushoto.

Hatua zenyewe mimi huzipa tarakimu za ١ ٢ ٣ ambazo Wasudani na Wayemeni wamezizoea, lakini tarehe na namba za faili naziacha 1 2 3 ili alinganishe na karatasi yake. Kwa huyu mama ingekuwa hivi:

```
١. ترجمي عقد الزواج إلى الإنجليزية لدى جهة معتمدة. ابدئي اليوم.
٢. صوّري جواز السفر: صفحة البيانات وصفحة ختم الدخول.
٣. قدّمي الطلب عبر eCitizen مع المستندات.
٤. بعد الموافقة سجّلي نفسك كأجنبية.
   آخر موعد: الجمعة 10 أبريل 2026
```

Umeona nimemsemesha kama mwanamke; kwa mwanamume vitenzi hubadilika. Na kwa kuwa hatua ya nne inangoja kibali kitoke, hatua ya tatu haiwezi kusubiri Aprili. Mwambie hivyo waziwazi.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe ujumbe huo, ufungue kwenye simu nyingine, halafu soma kila tarehe na kila namba ukiwa na picha mkononi. Usiamini nambari zilizosomwa na simu kutoka kwenye picha: 3 hugeuka 8 kirahisi. Mtumie pamoja na picha yenyewe, ili akifika dirishani aonyeshe Kiingereza.