Jiko la mkaa lisiingie chumba cha mtoto

"Mtoto wetu ana miezi mitatu na tunapikia ndani kwa kuni. Nataka tuhamie mkaa kwa sababu hauna moshi, na jioni jiko nililete chumbani tuote, dirisha liwe wazi kidogo. Ni sawa? Na ninunue jiko la aina gani?"

Usithubutu. Jiko lisiingie chumba anacholala mtoto, dirisha liwe wazi au limefungwa.

Sisi tulifanya hivyohivyo, na aliyetushauri ni muuza majiko. "Mkaa hauna moshi," alituambia, huku anamwona mtoto yuko mgongoni kwa mama yake. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Mkaa ukishashika, moshi unaoonekana hukata kweli, lakini hapo ndipo unatoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni inapita kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yale unayodhani yamekufa, bado yanaitoa, ndiyo maana kuna familia hulala na jiko wasiamke. Sisi tuliamka kichwa kinagonga na mama mtoto anatapika, tukasema ni uchovu.

Kilichomlaza mtoto hospitali ni nimonia. Jiko lile tulikuwa tunaliwasha humohumo ndani, na dakika za kuwasha ndizo mkaa hutoa moshi mchafu zaidi, hasa ukiuchochea kwa plastiki au mafuta ya taa. Alianza na mafua, kisha akawa anapumua harakaharaka. Majirani wakatutuliza kwamba wachanga ndivyo wanavyopumua. Muuguzi alipompokea hakuuliza mengi: alimwacha atulie, akamfunua kifua, akahesabu pumzi kwa dakika nzima akitazama saa. Zilipita 60. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni kupumua haraka. Aliye chini ya miezi 2, kuanzia 60. Wa mwaka mmoja hadi mitano, kuanzia 40. Hesabu akiwa hanyonyi wala halii, na dakika iwe kamili, kwa sababu pumzi za mchanga hukatikakatika na nusu dakika itakudanganya.

Daktari hakusema moshi peke yake ndio uliomfanya augue; vijidudu ndivyo vinavyoleta nimonia. Moshi unavifungulia mlango. Njia za hewa zina vinyweleo vinavyosukuma makohozi kwenda juu, na moshi unavilegeza. Chembe ndogo kabisa za masizi zinafika hadi kwenye vifuko vya hewa, na seli ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu zinashiba masizi badala yake. Mtoto naye anavuta pumzi nyingi kuliko wewe kwa dakika, njia zake ni nyembamba kiasi kwamba uvimbe kidogo tu unaziziba, na mapafu yake bado yanaongeza vifuko vya hewa.

Kwa hiyo kwangu kanuni ni moja: moto na mtoto wasikae chumba kimoja, tangu unapowasha hadi majivu yanapopoa. Asibebwe mgongoni wakati wa kupika, maana kichwa chake kinaingia kwenye moshi uleule unaoupumua wewe. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Malawi, matokeo yakatoka mwaka 2017: familia zilipewa majiko yanayounguza kuni vizuri zaidi, na nimonia ya watoto chini ya miaka mitano haikupungua. Ndiyo maana sikimbilii kukutajia jiko.

Washa nje, mtoto akiwa upande upepo unakotoka. Mvua ikikulazimisha kupikia ndani, mtu mwingine akae naye chumba kingine, mlango wa jikoni umefungwa, na jikoni kuwe na tundu la juu karibu na paa la kutolea moshi na uwazi wa chini upande wa pili wa kuingizia hewa. Dirisha moja peke yake mara nyingi linauzungusha moshi humohumo. Kama mko wawili tu, wewe na mtoto, mlaze unapoweza kumwona kupitia mlango wa nje, siyo kando ya mafiga. Kuni zipasuliwe na zikaushwe mahali palipoinuka. Zikitoa povu kwenye ncha bado ni mbichi. Sufuria ifunikwe, maharage yalowekwe tangu usiku, moto uwake muda mfupi. Ukimaliza, makaa yatolewe nje kabla mtoto hajarudi. Baridi ya usiku mvalishe nguo za kutosha na kofia wakati mnakaa, mama amkumbatie.

Na kama hivi sasa ana kikohozi, mfunue kifua umwangalie. Akivuta hewa na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani, akishindwa kunyonya, akilegea au midomo ikiwa ya bluu, usingoje kuhesabu chochote wala kumpa dawa ya kikohozi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.