Filamu bila kifurushi mjini Lamu

"Niko Lamu mjini, mtaa wa Langoni. Kifurushi cha filamu cha kila mwezi sikiwezi. Nasikia maktaba au maonyesho ya mtaani husaidia. Ni kweli? Naanzia wapi?"

Dadangu, ni kweli, ila ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikiwa watu wa kwingine. Kanopy na Hoopla, huduma za filamu mtandaoni zinazotajwa kila mara, huwa bure kwa msomaji kwa sababu maktaba yake imeshalipa; yeye huingia kwa nambari ya kadi. Ikiwa maktaba yako haikujiunga, kadi yake haifungui kitu. Muulize mkutubi hilo kwanza, usipoteze bando kujisajili.

Kwetu maktaba husaidia kwa njia nyingine. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi 1984, sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndani yake mna maktaba, na ua wake hutumiwa kwa hafla za wenyeji. Kwa hivyo mahali pa kukusanyika papo, na wenye kuombwa ruhusa wako papo hapo. Kinachobaki ni filamu yenyewe, na hapo ndipo maonyesho mengi ya mtaani hukwama.

Usichukue akaunti ya jamaa ya Netflix ukaionyesha uani. Akaunti ile ni ya kutazama nyumbani, hata kama hutozi kiingilio. Tafuta filamu ambayo mwenyewe ameiruhusu ionyeshwe. Mimi hupenda kuanza na katuni za shirika la Blender Foundation: Big Buck Bunny ya 2008, kama dakika 10, na Sintel ya 2010, kama dakika 15. Zote zina leseni ya Creative Commons Attribution, yaani unaruhusiwa kuzipakua, kuzinakili, kuzionyesha hadharani na hata kuzitilia maandishi ya Kiswahili, mradi umtaje aliyezitengeneza. Njia rahisi ni kuacha majina ya mwishoni yapite yote, usizime mapema.

Kwa watoto weka Big Buck Bunny. Haina mazungumzo, basi hata asiyejua Kiingereza hapitwi na kitu. Sintel ina damu na mwisho wa majonzi. Mimi siwawekei wadogo, nawawekea vijana na watu wazima.

Jambo moja watu hulisahau: leseni ya mwenye filamu haiondoi sheria ya maonyesho ya hadhara. Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya ndiyo inayopanga filamu kwa umri na kutoa vibali. Waulize mapema wewe pamoja na mwenye ukumbi, kabla ya kubandika tangazo barazani.

Sasa usiku wenyewe. Pakua faili nyumbani, usitegemee mtandao uani. Chukua MP4 na uijaribu mpaka mwisho kwenye projekta ileile utakayotumia. Projekta nyingi za zamani husoma tu fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Ikigoma kunakili ilhali fleshi ina nafasi tele, sababu ni hiyo. Chukua toleo dogo la filamu, la 720p. Maandishi ya Kiswahili yaandike kwenye faili ya .srt yenye jina sawasawa na la filamu, uiweke kando yake, la sivyo projekta haitaiona.

Mwanga nao una hila. Vijiprojekta vya bei nafuu huandikwa kwenye kasha maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, na mara nyingi namba hizo zimetiwa chumvi. Wewe tafuta maneno ANSI lumens, kipimo cha kuaminika zaidi. Yenye 3000 za hakika inatosha picha ya upana wa mita 2 hadi 2.5, giza likishaingia. Sisi huanza baada ya Isha: giza limekamilika na watu wametoka msikitini. Ukiona sehemu nyeusi za picha zimekuwa kijivu, kuna taa inayopiga ukutani. Izime hiyo kwanza kabla ya kuilaumu projekta.

Shuka jeupe huonekana rahisi, lakini upepo wa kusi ukivuma hugeuka tanga na nyuso za watu kwenye picha zinapinda. Ukuta laini uliopakwa chokaa ni bora mara nyingi, na mji wetu hauna upungufu wa hizo. Spika ya ndani ya projekta haifiki safu ya tatu, kwa hivyo azima ya nje. Iunganishe kwa waya: bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti, ukaona mdomo umefunga na neno ndiyo kwanza linasikika.

Kwa mara ya kwanza onyesha Big Buck Bunny peke yake, kwa watoto wa mtaa wako. Dakika 10 zinatosha kujua kama waya unafika, kama sauti inasikika nyuma, na kama stima ya pale inahimili. Ukishaelewana na mwenye ua, andika hapa una projekta ya aina gani, nikwambie uiweke umbali gani kutoka ukutani.