Shela mpaka Kipungani: maelezo kwa wanaokuja kutembea na sisi mara ya kwanza

Haya, karibuni nyote, mliotoka Malindi na basi la Mokowe na nyinyi wa hapa hapa Amu. Najua mmechoka na mnataka kula mlale ila nisikilizeni kwanza, kesho alfajiri hakutakuwa na nafasi ya maswali.

Wengi mmeuliza mbona safari ilisukumwa wiki moja mbele. Ni sababu ya maji tu. Njia yetu ni ufuo wa Shela mpaka Kipungani, kama kilomita 12, bahari mkono wa kushoto na vilima vya mchanga mkono wa kulia, hakuna barabara wala kivuli cha maana hapo katikati. Maji yakiwa yamejaa unabakiwa na mchanga mkavu wa juu, ule unaozama mguu mpaka kifundo, na hapo hata mtu wa mazoezi anakwenda kilomita 2 na kitu kwa saa na anahema. Maji yakipwa unapata mchanga ulolowa, mgumu, mpana, unatembea kilomita 4 kwa saa bila kujitesa. Wiki iliyopita ilikuwa maji mafu, na maji mafu huku kwetu yanajaa asubuhi kama saa 4, yaani katikati ya safari yetu. Wiki hii ni bamvua, mwezi mpevu, maji yanajaa usiku kama saa 10 na kupwa asubuhi saa 4 na kidogo. Kwa hivyo tukitoka saa 12 na nusu bahari inatuachia njia taratibu mpaka tufike.

Wazee wa Amu wanasimulia vile vita vya Shela vya miaka ya 1810, kwamba waliovamia walipogeuka kukimbilia vyombo vyao wakakuta maji yameshakupwa, vyombo vimekaa mchangani. Basi msifikiri hii habari ya kuangalia maji tumeianzisha sisi na ap zetu za simu. Angalia jedwali la maji, halafu muulize na mvuvi, wakitofautiana msikilize mvuvi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka mlishike kuliko yote, saa ya kugeuka.

Sisi tunapiga hesabu kwa mwendo wa kundi, sio mwendo wa mtu mmoja. Kundi la watu 14 lenye wapya, pamoja na kusimama kunywa maji, kutoa mchanga kwenye viatu na mmoja kupiga picha, linakwenda kilomita 3 kwa saa. Si zaidi, hata mkiniambia nini. Kilomita 12 kwa 3 ni saa nne, yaani tukitoka 12 na nusu tunaingia Kipungani saa 4 na nusu, jua limeshakuwa kali lakini bado mtu anavumilia. Nusu ya njia, kilomita 6, tufike saa 2 na nusu. Nimeongeza nusu saa ya dharura, kwa hivyo saa yetu ya kugeuka ni saa 3 kamili. Saa 3 ikifika na mtu wetu wa mwisho, nasema wa MWISHO sio wa mbele, hajafika kilomita 6 kwenye GPS, tunageuka wote kurudi Shela. Hakuna kura wala "tusogee kidogo tuone".

Kwa nini ukali wote huo, na maji yenyewe bado yametuachia njia? Kwa sababu baada ya kilomita 6 kurudi ni mbali kuliko kuendelea, na kuendelea ni kuingia saa 5 na saa 6 mchana ukiwa bado ufuoni. Kundi lililochelewa nusu ya kwanza halijawahi kuharakisha nusu ya pili, linazidi kuchelewa, maana sababu ya kuchelewa bado iko nalo, iwe ni lengelenge, ni mtu hakulala au ni begi zito. Safari moja tulisimama saa 3 tukiwa kilomita 4 na nusu. Kijana mmoja alikuwa na sandali mpya, ukanda umemkata kidole tangu mapema na yeye kanyamaza kwa haya. Kuna waliolalamika, wanasema Kipungani ile pale wanaiona. Tukapiga hesabu mbele yao: zimebaki 7 na nusu, mwendo wake sasa ni 2 kwa saa, hiyo ni karibu saa nne nyingine, tutafika kama saa 7 mchana, na chupa nyingi zimeshafika nusu. Kurudi 4 na nusu kwa mwendo huo huo ni saa mbili na robo, tutakuwa Shela saa 5 na robo. Tukarudi, watu wakala pilau Shela, mizigo yetu ikaletwa na mashua jioni. Hiyo kwangu ni safari iliyokwenda sawa.

Kuna kugeuka kwa aina ya pili, nako hakungoji saa 3. Radi. Ufuoni wewe ndiye mrefu kuliko kila kitu, na juu ya kilima cha mchanga ndio umezidi. Ukiona umeme hesabu mpaka usikie ngurumo, ikija kabla ya sekunde 30 basi iko kama kilomita 10 au chini ya hapo na hiyo inaweza kukufikia. Hapo tunashuka kilimani kama tulikuwa juu, tunatoka kwenye maji, tunakwenda sehemu ya chini kati ya vilima, tunachuchumaa tukiwa tumeachana hatua kadhaa, na hakuna kukaa chini ya mti uliosimama peke yake. Tunangoja nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, sio tangu mvua iishe. Ile nusu saa inakula ndani ya hesabu yetu ya saa 3, hatuiongezi.

Upepo nao. Sasa ni kaskazi, kwa hivyo tukienda upepo unatupiga mgongoni, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Upepo wa mgongoni unatembea na wewe, huuhisi, jasho halikauki, joto linapanda mwilini huku bahari imetulia na kila kitu kizuri. Wakati wa kusi ni kinyume, unakula mchanga usoni lakini angalau unapoa. Kwa hivyo kesho kunyweni kabla ya kiu, glasi mbili au tatu kwa saa, na kila mtu abebe lita 3. Ndio, ni kilo 3 mgongoni, lakini zinapungua kadiri unavyotembea. Na sio maji matupu tu, kula kitu cha chumvi au uwe na pakiti ya ORS, mtu akinywa maji mengi mno bila chumvi naye anaumwa, anatapika na kichwa kinamgonga, tena unaweza kudhani ni jua. Madafu ya Kipungani ni ya kufurahia tukifika, usiyapigie hesabu ya njiani.

Viatu: raba nyepesi zilizozoea mguu wako na soksi, au sandali za mikanda ambazo umeshazivaa wiki nyingi. Ndara hapana. Pekupeku utajisikia raha saa ya kwanza kwenye mchanga uliolowa, ila huo ufuo una mteremko kuelekea baharini, mguu wa kushoto unakanyaga chini kuliko wa kulia njia nzima, na goti linakuja kukuambia mchana. Maji yakishakupwa vizuri shukeni karibu na maji, pale ni tambarare. Ukihisi sehemu inawaka kwenye mguu, piga kelele HAPO HAPO, tunasimama dakika tano tunakausha, tunabandika tepu, yameisha. Sehemu inayowaka ni dakika tano, lengelenge lililopasuka ni siku nzima.

Nguo ni zilizofunika, jua la asubuhi litakuwa upande wa kushoto na nyuma yako kwa hivyo shingo na sikio la kushoto ndivyo vinavyoungua. Kofia ya ukingo mpana yenye kamba. Dada zangu wa buibui msiwe na wasiwasi, kitambaa chepesi kilicho huru ni bora kuliko fulana ya kubana, pindeni tu chini isishike maji. Kila mtu leso moja, na fimbo mbili mbili kwa kila watu wanne. Hizo ndizo kivuli chetu, hakuna kingine.

Kundi linakwendaje: mbele kuna kiongozi na hakuna anayempita. Nyuma kuna mfungaji na hakuna anayebaki nyuma yake, hata wa kwenda haja, unamwambia, anakungoja. Katikati mnatembea wawili wawili na kila mmoja anamjua mwenzake. Kila tukisimama tunahesabiana. Mfungaji ndiye mwenye saa ya kugeuka, sio kiongozi, kwa sababu yule wa mbele siku zote anaona mambo yako sawa.

Mwenzako akiacha kuzungumza, akaanza kujikwaa mahali tambarare, akajibu vitu visivyoeleweka, usimwambie jikaze. Huyo joto limempanda kichwani. Mlaze, funikeni kivuli cha leso, mmwagieni maji ya bahari mwili mzima na mumpepee bila kuacha, halafu ndio mpige simu kwa nahodha. Kumpoza kwanza. Na asipokuwa na fahamu zake msimnyweshe kitu.

Kuogelea: mwanzo pale Shela kisiwa cha Manda kinakinga, bahari imelala. Mkisonga mbele kinga inaisha, mawimbi yanaingia kutoka bahari kuu na mkondo unavuta. Kulowesha miguu mpaka goti, basi.

Jumapili kurudi maji yatachelewa kama dakika 40, kwa hivyo tunatoka saa 1 badala ya 12 na nusu, tukitoka mapema zaidi tutaukuta ufuo bado mwembamba. Na upepo utakuwa usoni, jua mbele mkono wa kulia. Ambaye Jumamosi imemchosha atarudi na mashua, aniambie usiku ule ule baada ya kula ili nahodha ajue viti.

Mabegi makubwa yote yawe gatini Shela saa 12 kasorobo, yameandikwa majina, nahodha anapakia na kuondoka. Mgongoni bakini na maji, tende na mahamri, leso, tepu na simu iliyojaa chaji. Dawa zako za kila siku kama unazo ziwe mgongoni mwako, zisiende na mashua, na mwenzako ajue ziko mfuko upi.