Yai linaelea kwa nini? Kutoka swali la mtoto hadi jaribio la haki

Aliyeuliza kutoka Kisumu: "Napima mayai kwa maji kabla ya kuchemsha. Jana moja lilielea, na kijana wangu wa miaka sita akauliza kwa nini mayai huelea. Nimesikia kuna jaribio la chumvi. Nianzeje bila kumpa jibu mimi?"

Dada, lile yai lililoelea liweke kando kwanza, lisiingie kwenye jaribio. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, na kadiri siku zinavyopita maji ya ndani hutoka kama mvuke, hewa ikachukua nafasi yake upande ule butu. Yai jipya hulala chini ya maji, lililokaa husimama kwa ncha, lililokaa sana huelea. Hapo kilichobadilika ni yai. Kwenye jaribio la chumvi kinachobadilika ni maji. Ukiyachanganya hayo mawili siku moja, mtoto atapata majibu mawili kwa swali moja na hatajua lipi lilifanya nini. Kubadilisha yai kunachukua wiki kadhaa, kubadilisha maji ni dakika kumi, kwa hivyo anza na maji.

"Kwa nini" haipimiki. Igeuze pamoja naye iwe "tukifanya nini ndiyo yai lielee?" Chukua yai jipya, lichemshe dakika kumi lisije likapasuka mikononi mwake, lipoe, kisha alishushe kwa kijiko ndani ya jagi la maji matupu. Litazama. Sasa muulize: "Unafikiri tufanye nini ndiyo lipande juu?" Halafu nyamaza, umpe muda.

Mara nyingi mtoto wa umri huo hatataja chumvi. Atasema tuongeze maji, kwa sababu ameona vitu vikielea kwenye ndoo iliyojaa na ziwani. Hapa ndipo wazazi wengi wanaharibu: wanasema "hapana, weka chumvi," na kuanzia hapo mtoto anatazama tu kitu ambacho mkubwa alishajua. Jaribu wazo lake kwanza. Pima maji kwa chupa tupu ya nusu lita: chupa moja kwenye jagi, yai ndani, halafu ongeza ya pili na ya tatu. Kabla ya kumimina, achore jagi kwenye karatasi na aweke yai mahali anapofikiri litakaa. Mchoro ndio ubashiri wake. Maneno matupu hayatoshi, maana mtoto akiona matokeo hubadilisha alichosema bila hata kujijua, na hadanganyi, amesahau tu. Yai litabaki chini hata kwa lita moja na nusu. Usiufute mchoro wake. Chini yake achore kilichotokea.

Sasa wazo la chumvi linaweza kuingia, na unaweza kulitoa wewe kama la kwako: "Mimi nabashiri chumvi. Wewe je?" Akikataa, vizuri zaidi, mna bashiri mbili za kulinganisha.

Weka majagi mawili yanayofanana, kila moja nusu lita ya maji ya mfereji yaliyokaa mahali pamoja, ili moja lisiwe na joto kuliko lingine. Jagi moja litapata chumvi, la pili halipati. Muulize mtoto: "Nikikoroga hili la chumvi peke yake, ni haki?" Watoto wanaelewa neno haki upesi sana kwa sababu wanalitumia kila siku wakigawana mandazi. Kwa hivyo koroga yote mawili, mara ishirini ishirini. Na tumia yai lile lile moja, ukilihamisha kutoka jagi hadi jagi. Mayai mawili tofauti, hata ya trei moja, huenda hayakutagwa siku moja, na mtoto akikuuliza kama ni chumvi au ni yai, hutakuwa na jibu.

Kijiko kiwe cha chai, kisawazishwe juu kwa mgongo wa kisu. Kijiko cha mlima na kijiko bapa vinatofautiana sana. Kabla ya kuanza, abashiri: kijiko cha ngapi? Aandike namba. Weka viwili viwili, koroga mpaka usione chembe chini, shusha yai, tazama, litoe. Kwa nusu lita, yai jipya kwa kawaida huelea kati ya kijiko cha saba na cha kumi na moja. Likikaribia litaanza kusimama na kupepesuka chini, mwambie achunguze hapo.

Kosa ninaloliona zaidi ni yai kuning'inia katikati ya jagi, si juu wala si chini. Hiyo ni dalili kwamba chumvi haijachanganyika vizuri: chini kuna maji mazito, juu kuna mepesi, na yai limekaa mpakani. Koroga tena kabla ya kuandika chochote. Maji yakiwa na ukungu kidogo usijali, baadhi ya chumvi za mezani zina kitu cha kuzuia zisigande.

Likishaelea, lisuuze na ulirudishe kwenye jagi la maji matupu. Litazama tena. Usiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha kwamba yai halikubadilika. Kisha mpe uzito aushike: jaza chupa mbili za nusu lita zinazofanana, moja maji matupu, moja ya chumvi, uzining'inize kwenye ncha mbili za hanga. Upande wa chumvi utashuka. Kwa umri wake maelezo haya yanatosha: maji ya chumvi ni mazito, yanalisukuma yai juu.

Huenda akauliza kuhusu sukari. Mwache abashiri, kisha weka vijiko kumi kwenye nusu lita nyingine. Yai litazama. Hapa wewe ndiwe wa kuwa makini na maneno, usimwambie sukari haiwezi. Kilichoonekana ni kwamba vijiko kumi vya sukari havikutosha. Ukiendelea hadi karibu thelathini, litaelea, kwa kuwa kijiko cha sukari kina uzito mdogo kuliko cha chumvi na pia hujaza nafasi zaidi ndani ya maji. Kama sukari ni ghali, kaeni na sentensi hiyo ya "havikutosha" na mwendelee na mengine.

Swali zuri la siku ya pili ni Ziwa Victoria: yai litaelea huko? Mchote maji wewe mwenyewe kwa chupa, mtoto asiingie ziwani kwa sababu ya kichocho, na mnawe mikono mkishamaliza. Ni maji yasiyo ya chumvi, yai litazama. Baada ya hapo muulize kuhusu bahari ya Mombasa. Karibu kila mtoto, na wakubwa wengi, watabashiri litaelea. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hivyo vijiko vitatu bapa kwenye nusu lita vinawapa bahari hapo hapo jikoni. Achore kwanza, ashushe yai, na aende akahesabu kwenye karatasi yake ya jana vijiko vingapi bado vinapungua.